Kulwa, Doto na Shija: Majina Yanayohesabu

Hapa visiwani hakuna asiyewajua Kurwa na Doto. Wakizaliwa pacha, aliyetangulia kutoka ni Kurwa na aliyemfuata ni Doto, na majina hayo yamezoeleka hata yamo katika kamusi za Kiswahili. Mwaka 1960 marehemu Muhammad Saleh Farsy aliyafanya kuwa jina la kitabu chake, *Kurwa na Doto*, kinachoeleza maisha ya kijiji kimoja cha Unguja. Lakini mwananchi wa visiwani ukimwuliza jina la mtoto anayezaliwa baada ya Kurwa na Doto, aghalabu atakuambia kwamba huyo ni mtoto kama wengine, na wazazi wake watamchagulia jina wanalolipenda.

Kwa Wasukuma wa Shinyanga na Geita, na kwa jirani zao Wanyamwezi, mambo si hivyo. Mtoto huyo ana jina lake tayari kabla hajatungwa mimba. Anaitwa Shija. Kwa hiyo majina ni matatu, yanakwenda kwa mfuatano, na mzazi hana hiari ya kuyapanga upya. Leo tumekusudia kuyazungumza majina haya matatu na jinsi yanavyoishi pamoja na majina mengine ya mtu, kwa sababu watumishi wetu wa serikali, wa Bara na wa visiwani, huyakuta mezani kila siku, na mara nyingi huyachukua kuwa ni majina ya utani. Kosa hilo dogo huwagharimu wananchi ng'ombe, mashamba, nafasi za masomo, na pengine hata kuzikwa kwao.

Kwanza tutenganishe jina la kuchaguliwa na jina la kuzaliwa nalo. Hapa kwetu mzazi wa pacha wa kiume mara nyingi huwaita Hassan na Hussein, kwa heshima ya wajukuu wa Mtume. Hilo ni jina la kuchaguliwa. Wajukuu hao wenyewe hawakuwa pacha. Mmoja alimtangulia mwenziwe kwa karibu mwaka mzima. Wala mtu akiitwa Hassan hatuwezi kusema kwamba ana pacha wake, maana Hassan ni wengi waliozaliwa peke yao. Mzazi alilipenda jina, akalitoa, na angeweza kutoa jingine.

Kulwa ni kinyume chake. Mama wa Kisukuma hakai na mumewe wakashauriana kama mtoto aitwe Kulwa au asiitwe. Mkunga akishampokea wa kwanza na kumwona wa pili yumo njiani, yule wa kwanza amekwisha kuwa Kulwa, na wa pili atakuwa Doto. Mimba ya mama huyo itakayofuata italeta Shija, ije baada ya miaka miwili au baada ya mitano. Jina hapa ni taarifa ya jambo lililotokea.

Wasukuma wana majina mengine ya taarifa namna hii. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula akiwa mwanamume na Kabula akiwa mwanamke, maana mvua kwa lugha yao ni *mbula*. Majina hayo mawili yanatueleza jambo ambalo Kulwa, Doto na Shija hayatuelezi, nalo ni kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Kulwa aweza kuwa msichana na Doto mvulana, au kinyume, au wote wasichana. Shija vile vile. Majina haya matatu hayajali jinsia. Yanachojali ni nafasi ya mtoto katika mfuatano.

Desturi hii si ya Usukuma peke yake. Waganda huwaita pacha wa kiume Wasswa na Kato, na wa kike Babirye na Nakato. Anayefuata baada yao huitwa Kizza. Wajaluo wana Opiyo na Odongo kwa wanaume, Apiyo na Adongo kwa wanawake, na anayefuata ni Okello au Akello. Kule Burundi pacha huitwa Bukuru na Butoyi, yaani mkubwa na mdogo, na baada yao huja Ciza. Kwa hiyo eneo lote linalozunguka Ziwa Viktoria na kuendelea hadi Ziwa Tanganyika limeafikiana katika jambo moja, kwamba pacha hawaishii kwa wawili, bali mtoto wa tatu naye ni sehemu ya jambo lao. Visiwani kwetu yamekaa majina mawili ya mwanzo, na la tatu halikupata nafasi hiyo.

Kwa nini mtoto wa tatu akaingizwa? Jibu limo katika uzito ambao wazee waliupa uzazi wa pacha. Kwa Kisukuma pacha huitwa *mabasa*, na neno hilo hilo lilikuwa jina la sherehe zilizofanywa wanapozaliwa. Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika katika uchunguzi wa mila, aliandika makala nzima juu ya sherehe hizo mwaka 1944. Uzazi wa watoto wawili kwa pamoja ulihesabiwa ni jambo lisilo la kawaida, lenye baraka na hatari ndani yake, na wazazi hawakurudi katika maisha yao ya siku zote mpaka taratibu zake zitimizwe. Katika mazingira hayo ni rahisi kuelewa kwa nini mimba iliyofuata ilingojewa kwa macho. Mtoto akija salama, akiwa mmoja, alionyesha kwamba uzazi wa nyumba ile umerudi katika njia yake. Jina la Shija linaihifadhi habari hiyo, hata katika familia ambazo leo hazifanyi tena sherehe yoyote ya mabasa.

Baada ya maelezo hayo, sasa tuangalie jinsi familia inavyoyatumia majina haya pamoja na mengine. Mtoto wa Kisukuma aweza kuwa na majina matatu au manne bila ya yeyote kuona ajabu. Lipo jina la kuzaliwa nalo, kama hili la Kulwa. Lipo jina la dini, la ubatizo au la Kiislamu. Lipo jina la baba, na nyuma yake la babu. Kila jina lina mahali pake. Nyumbani na kwa majirani ataitwa Kulwa. Kanisani au msikitini na shuleni ataitwa Petro au Ramadhani. Wazazi wake nao hubadilishiwa jina kwa ajili yake: mama huwa Mama Kulwa na baba huwa Baba Kulwa. Mara nyingi hubaki hivyo hata baada ya kuzaa watoto wengine, na hata pacha wenyewe wakiwa wamefariki utotoni.

Jambo hili la mwisho tunawaomba watumishi wa afya na wa takwimu walitie maanani. Kifo hakiwaondoi Kulwa na Doto katika hesabu ya nyumba. Kulwa akifa akiwa na wiki moja, Doto hapandi daraja kuwa Kulwa; ataishi na kuzeeka akiwa Doto. Wakifa wote wawili, anayefuata bado ni Shija. Na pacha huzaliwa wadogo, aghalabu kabla ya wakati wao, na hatari ya kufa katika siku za mwanzo huwa kubwa kwao kuliko kwa mtoto aliyezaliwa peke yake. Basi mama akija kliniki na mtoto mmoja tu, naye ni Shija wa kuzaliwa, na karani akaandika kwamba hii ndiyo mimba yake ya kwanza, jina la mtoto linamwambia karani kwamba amekosea. Mama huenda alinyamaza kwa uchungu, au aliulizwa ana watoto wangapi badala ya kuulizwa amezaa wangapi. Mkunga anayelijua jina hilo atauliza tena kwa upole, na ataijua historia ya uzazi ambayo ni muhimu kwa mimba ijayo.

Hata hivyo jina hili lina mipaka yake, na mtumishi asiyeijua ataangukia kosa la upande wa pili. Wasukuma huwapa wajukuu majina ya mababu. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa peke yake aweza kuitwa Doto kwa sababu babu yake alikuwa Doto. Huyo ni Doto wa kurithi, wala hana Kulwa wake. Aidha, jina la baba au la babu huandikwa mwishoni mwa jina la mtu, na huko mwishoni halisemi lolote juu ya kuzaliwa kwa mwenye nalo. Marehemu Dakta William Shija, aliyekuwa Mbunge wa Sengerema na waziri, na baadaye Katibu Mkuu wa Chama cha Mabunge ya Jumuiya ya Madola tangu mwaka 2007 hadi alipofariki mwaka 2014, alijulikana duniani kote kwa Shija kama jina la mwisho. Ndugu Doto Biteko, Mbunge wa Bukombe tangu mwaka 2015, aliyeteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023, alijulikana kwa Doto kama jina la mwanzo. Jina ni la ukoo mmoja wa majina, lakini mahali pake hubadili kazi yake. Njia ya kujua ni kuuliza tu: "Wewe ni Shija wa kuzaliwa au wa kurithi?" Msukuma atalijibu swali hilo mara moja, na atafurahi kuulizwa.

Mpaka wa pili ni maandishi. Kisukuma hakitumii sauti ya *r*, kwa hiyo huko ni Kulwa. Kwetu ni Kurwa. Doto huandikwa pia Dotto, kwa *t* mbili. Mdomoni tofauti hizi si kitu. Katika zama hizi za mashine, herufi moja hutosha kumfanya mtu mmoja kuwa wawili. Kijana aliyeandikwa Kulwa katika cheti cha kuzaliwa na Kurwa katika cheti cha kidato cha nne atasumbuka atakapoomba mkopo wa masomo ya juu, kwa sababu cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na majina yake hulinganishwa na yale ya mitihani.

Sasa tuje kwenye urithi, mahali ambapo jina la Kulwa lina uzito kuliko mahali pengine popote, na ambapo sisi wa visiwani hatuna budi kusahau kidogo mazoea yetu. Katika mirathi ya Kiislamu, inayosimamiwa hapa na Mahakama za Kadhi, watoto wa kiume hugawana sawa. Awe Kurwa, awe Doto, fungu ni lile lile. Kwa hiyo kwetu nani alitangulia kutoka tumboni ni habari ya kupendezesha mazungumzo. Bara, pale mahakama inapotumia sheria ya mila, hali ni nyingine. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliwapanga warithi kwa madaraja: daraja la kwanza ni la mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, la pili ni la watoto wa kiume wengine, na la tatu ni la watoto wa kike. Mengi yamesemwa juu ya haki ya mpango huo kwa wanawake, nasi tunakubaliana na wanaotaka urekebishwe. Lakini maadamu unatumika, swali la nani alizaliwa kwanza ni swali la mali.

Tuchukue mfano wa kubuni, tuufuate hatua kwa hatua. Mzee Masanja wa wilaya ya Mbogwe alioa, na mkewe akajifungua pacha wa kiume, Kulwa na Doto. Baada ya miaka mitatu akazaliwa binti, Shija. Watoto walibatizwa: Kulwa akawa Petro, Doto akawa Paulo, na Shija akawa Maria. Walipoanza shule mwalimu aliandika majina ya ubatizo. Petro Masanja alisoma, akapata kazi mjini Kahama, na vitambulisho vyake vyote vinasema Petro Masanja. Paulo aliacha shule akaenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Huko hakuna aliyemwita Paulo. Alijiandikisha kwa jina la nyumbani na jina la babu yake, akawa Doto Mabula. Binti aliolewa akahamia Unguja, na huku anajulikana kwa jina la Maria.

Mzee akafariki bila ya kuacha wosia. Ameacha shamba, ng'ombe na nyumba. Ukoo ukakaa kikao, ukamteua msimamizi wa mirathi, na muhtasari ukaandikwa ili upelekwe mahakama ya mwanzo. Wazee waliotoa majina ya warithi waliwataja watoto kwa majina waliyowajua tangu siku ya kwanza: Kulwa, Doto na Shija, watoto wa Masanja. Hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Lakini vitambulisho vilivyowekwa mbele ya hakimu vilikuwa vya Petro Masanja, Doto Mabula na Maria Masanja. Katika majina matatu ya muhtasari, ni moja tu lililooana na kitambulisho, na hilo nalo kwa nusu, kwa kuwa jina la baba halimo.

Kutokea hapo mambo mawili yanaweza kuharibika. La kwanza ni kwamba mtu wa pembeni aweza kudai kwamba Petro si Kulwa, au kwamba Doto Mabula ni mtoto wa nyumba nyingine. Hapo kila mrithi atalazimika kuleta hati ya kiapo kueleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na kuleta mashahidi wanaomjua tangu utotoni. Shija itabidi asafiri kutoka Unguja. Muda utapita na fedha zitatumika, na wakati huo ng'ombe wamo mikononi mwa aliyewahi kuwashika.

Jambo la pili ni zito zaidi. Tuseme Petro na Paulo wenyewe wamegombana, na kila mmoja anadai kuwa ndiye wa kwanza. Vyeti vyao vya ubatizo vinaonyesha tarehe moja ya kuzaliwa. Majina ya Petro na Paulo hayasemi lolote juu ya nani alimtangulia mwenziwe. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni lile jina ambalo mwalimu aliliacha nje ya daftari kwa kudhani ni la nyumbani tu. Kulwa ni wa kwanza. Jina hilo lilitolewa siku ya kuzaliwa, mbele ya mkunga na majirani, kabla ya ugomvi wowote, na na watu wasiokuwa na maslahi katika ng'ombe hao. Kama lingeandikwa pamoja na jina la ubatizo, kesi ingemalizika asubuhi moja.

Machimboni hatari ni ya namna nyingine. Ukanda wa dhahabu kuanzia Kahama hadi Geita umewakusanya watu wa kila kabila, na wamo pia vijana wa visiwani waliokwenda kutafuta riziki. Migodi mikubwa, kama ule wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000, humwandika mfanyakazi kwa kitambulisho chake. Katika maduara ya wachimbaji wadogo watu wengi hujuana kwa jina moja. Na katika nchi ya Wasukuma, jina moja la Doto halitoshi kumtambulisha mtu, kwa sababu kila nyumba iliyozaa pacha inaye Doto wake, na duara moja laweza kuwa na wawili au watatu. Kifusi kikiporomoka, na wenzake wakasema aliyefukiwa ni Doto, ni Doto yupi? Wa baba gani, wa kijiji gani? Jina la kuzaliwa nalo linaeleza nafasi ya mtu ndani ya nyumba yake, lakini haliielezi nyumba yenyewe. Nje ya kijiji lazima lisindikizwe na jina la baba. Kiongozi wa duara anayeandika "Doto" peke yake katika daftari lake anaandika jina ambalo siku ya msiba halitamsaidia mama yeyote kumpata mwanawe.

Kutokana na hayo yote, rai yetu kwa wanaohusika ni hii.

Kwa wazazi, mahali pa kulimaliza jambo hili ni siku ya usajili wa kizazi. Huku Bara shughuli hiyo iko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na visiwani iko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Mzazi asimpelekee msajili jina moja na kubakisha jingine nyumbani. Mtoto wa mfano wetu angeandikwa Kulwa Petro Masanja, na nduguye Doto Paulo Masanja, na dada yao Shija Maria Masanja. Fomu nyingi zina nafasi ya majina matatu, la kwanza, la kati na la mwisho, nayo yametosha. Anayetaka jina la babu liwe la mwisho atakosa nafasi ya moja kati ya hayo mengine, na hapo hana budi kuchagua. Ushauri wetu ni kwamba asiliache la kuzaliwa nalo, kwa kuwa jina la babu linaweza kupatikana katika karatasi za baba, lakini habari ya nani alimtangulia nani haipatikani katika karatasi nyingine yoyote. Na akishachagua, aishi na chaguo hilo: shule, hospitali, kitambulisho cha taifa na benki vipate mpangilio mmoja wa majina, kwa herufi zile zile.

Kwa waliokwisha kukua wakiwa na majina mawili, wasingoje msiba. Hati ya kiapo ya kueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja ni rahisi kuipata wakati wazazi na wazee wangali hai na wanaweza kushuhudia. Anayetaka kuacha jina moja kabisa na kushika jingine, iko hati ya kubadili jina inayosajiliwa kisheria. Kinachowaangusha wengi ni kufanya hivyo kimya kimya, kwa kujiandikisha tu upya mahali pengine kama alivyofanya Doto Mabula wa mfano wetu.

Kwa makarani, walimu na mahakimu, tunawaomba mambo matatu madogo. Msiandike jinsia ya mtu kwa kulitazama jina la Kulwa, Doto au Shija. Mwulizeni au mtazameni mwenyewe. Msiyaweke majina haya katika nafasi ya jina la utani, maana mwenye nalo hakupewa kwa mzaha. Na mnapopokea orodha ya warithi, ulizeni kila mmoja anaitwaje nyumbani na anaitwaje ofisini, kisha andikeni yote mawili katika mstari mmoja. Swali hilo moja, likiulizwa siku ya kikao cha ukoo, lingemwepushia Shija safari ya kuvuka bahari na ziwa la maneno.

Na kwenu ndugu wa visiwani tunaongeza neno moja. Tangu mwaka 2012, Mkoa wa Geita ulipoundwa kwa kumega sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera, jina la mkoa huo linasikika kila siku kwa ajili ya dhahabu yake. Watu wake wanakuja kwetu kufanya kazi na kuoa, na wa kwetu wanakwenda kwao. Akija ofisini kwako mwananchi anayeitwa Shija, usimtake akupe "jina lake la kweli". Amekwisha kukupa. Amekuambia pia kwamba kabla yake mama yake alizaa Kurwa na Doto. Ulichobakiwa nacho ni kumwuliza jina la baba yake na jina lake la dini, na kuyaandika yote kwa ukamilifu.